Vumbi kwenye Rafu za Mama Lucky

Watu wanaoandikwa ni wakubwa. Mchungaji akifa anaandikwa, diwani akifa anaandikwa. Mama Lucky hajafa, na wala si mkubwa. Ni mwenye duka hapa Olasiti, ukuta wake na ukuta wangu zimeshikana. Lakini niliyekaa kwenye benchi la duka lake nikaona yote ni mimi, si mchungaji, kwa hiyo naandika mimi. Mwandiko wangu ni wa elimu ya watu wazima, herufi zinalala huku na huku. Asiyetaka kusoma aache.

Jina lake ni Evaresta, kwao Rombo. Mumewe Ludovick ni dereva wa watalii. Kiwanja walinunua kwa marehemu mume wangu, pale pale walipokuwa wanalala ndama wetu. Mimi nilikataa. Nilimwambia mume wangu, hawa Wachaga watajenga ukuta, halafu watafungua duka. Wakajenga ukuta. Wakafungua duka.

Baadaye nikamzoea. Mwanamke anaamka kabla ya ng'ombe wangu, huyo huwezi kumchukia sana. Ananiita Yeyo, yaani mama kwa lugha yetu ya Kimaasai, na tangu siku ya kwanza hajanipita bila shikamoo. Mimi namwita Mama Lucky, kwa jina la mtoto wake mkubwa.

Baba yake alikuwa na duka huko Rombo. Ameniambia mara nyingi habari za duka hilo, mpaka nalijua kama nimeingia. Rafu zilijaa kutoka chini hadi kwenye mabati. Baba yake alikuwa anasema rafu ikiwa wazi ni aibu, mteja atajua umefulia. Basi na yeye alitaka lake lijae. Fremu yao ya duka ni pana, milango miwili, na kila pengo aliloliona lilimuuma kama jino. Wale wauzaji wa jumla wanaopita na magari wakamjua. Gari likisimama kwa Mama Lucky haliondoki hivi hivi.

"Mama, chukua hizi saa za ukutani, mpya kabisa."

Anachukua. Vikombe vyenye maua, anachukua. Manukato, rangi za kucha, maharage ya kwenye kopo. Maharage ya kopo, Olasiti! Hapa kila mtu ana ndugu anayelima maharage, nani atanunua ya kopo? Nilimuuliza. Akasema, "Yeyo, yanapendezesha rafu."

Yalipendezesha kweli. Ila ukienda kununua sukari, haipo.

Hilo ndilo lililonitia hasira miaka yote. Mimi chai bila sukari sinywi, na sitafundishwa kunywa sasa. Nafika pale na kikapu changu.

"Sukari nusu."

"Imeisha, Yeyo. Kesho."

"Jana ulisema kesho."

"Kesho ya leo, mama yangu. Chukua basi vikombe hivi, nakupunguzia."

"Nikoroge nini kwenye kikombe? Maua?"

Watu wanacheka, na yeye anacheka. Lakini nilikuwa naona. Wanaokuja ni wengi, na karibu wote wanataka vile vile: sukari, unga, mafuta ya kupima, sabuni ya mche, kiberiti, majani ya chai, chumvi. Vitu vidogo vya kila siku. Na hivyo ndivyo vilivyokuwa vinaisha, kwa sababu hela yake yote ilikuwa imekaa ukutani ikipiga tik tik tik.

Halafu akaja Nelson. Huyu ni kijana wa Machame, Mchaga pia lakini wa upande wa pili wa mlima wao, akafungua kibanda ng'ambo ya barabara. Watoto walimwita Mangi tangu wiki ya kwanza, kama wanavyomwita kila mwenye duka hapa, ingawa ndevu zilikuwa bado hazijajaa kidevuni. Duka lake lilikuwa la kuchekesha. Rafu tatu, na moja nusu tupu. Mama Lucky alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni, akacheka.

"Mmachame huyu amekuja kuuza ukuta."

Nami nilicheka. Lakini siku sukari ya Mama Lucky ilipoisha tena, nilivuka barabara. Sikuona haya. Sukari ilikuwepo.

Sasa niseme habari ya Desemba, maana ndipo matatizo yalipoanza.

Kila mtu anajua Wachaga Desemba hawakai. Awe na gari, apande basi, Krismasi lazima imkute mlimani kwao. Mtaa huu wetu nusu ni wao. Ikifika siku zile kunakuwa kimya hata mbwa wanashangaa. Tunabaki sisi Waarusha na Wameru, na ng'ombe wetu.

Novemba alikuja Melkizedeki, mwenye duka la jumla kule Levolosi karibu na soko. Alikuja mwenyewe, na shati limepigwa pasi. Mimi nilikuwa kwenye benchi.

"Mama Lucky, nimekuletea Krismasi," akasema. "Juisi za boksi, biskuti za makopo makubwa yale ya zawadi. Ukichukua mzigo mzima kwa fedha taslimu, nakupa meza na viti vinne vya plastiki, bure."

"Bure kabisa?"

"Bure. Mwaka jana watu walipigania."

Nikauliza mimi, "Walipigania wapi?"

Melkizedeki akanitazama kama amesikia benchi limesema. "Mjini, bibi."

"Mama Lucky," nikasema, "juisi hizi atakunywa nani hapa? Nyie wote si mnaondoka? Wewe mwenyewe si unaondoka?"

"Ndiyo, Yeyo, lakini mtu haendi kwao mikono mitupu. Watanunua za kubeba."

"Na sukari?"

"Nikiuza hizi nitaleta sukari gunia kwa gunia. Utaoga sukari."

Akatoa mtaji wote. Ule wa sukari, wa unga, wa mafuta, wote ukaingia kwenye maboksi. Usiku ule duka lilijaa kama la baba yake. Maboksi yalifika kwenye mabati, na makopo ya biskuti, mekundu, yalipangwa mbele kama walinzi. Alimpigia simu kaka yake aliyeko Rombo, akanipa simu nimwambie jinsi lilivyopendeza. Nikamwambia limependeza. Sikuona sababu ya kusema uongo.

Siku za safari zikafika. Watu wakaanza kuja kununua vya kubeba, alisema kweli hapo. Mama mmoja akaingia, mtoto mgongoni.

"Dada, nipe sukari kilo tano, na mafuta, na miche miwili ya sabuni. Nampelekea mama mkwe."

"Sukari imeisha, lakini nina biskuti za kopo, tazama..."

"Mama mkwe hana meno, dada."

Akavuka barabara. Akaja mwingine, akavuka. Ndivyo ilivyo, wazee wa mlimani wanataka sukari na sabuni na majani ya chai, vitu vinavyokaa ndani na kusaidia Januari. Juisi wanaona ni maji yenye rangi. Yeye mwenyewe anajua, ni kwao! Kila mwaka anambebea mama mkwe wake sukari. Lakini alipokuwa ananunua mzigo alifikiri kama mwenye duka anayetaka kujaza, si kama mkwe anayekwenda kwao.

Asubuhi waliyoondoka wao, gari limewaka, watoto wamekaa, Ludovick akashuka akaingia dukani. Nilikuwa nimekuja kuwaaga.

"Mama Lucky, sukari ya mama iko wapi?"

Akajifanya anatafuta funguo kwenye mkoba.

"Mke wangu, una duka. Sukari ya mama yangu iko wapi?"

"Imeisha, Baba Lucky. Tubebe juisi."

Ludovick hakupiga kelele. Ni mtu mpole, amezoea Wazungu. Alivuka barabara akanunua sukari kwa Nelson, akarudi nayo begani mbele ya mtaa mzima, akaiweka nyuma ya gari, akafunga mlango taratibu. Ingekuwa heri angeubamiza. Mama Lucky alipanda gari akitazama mbele.

Waliporudi Januari, vumbi lilikuwa limeshafika. Asiyejua Olasiti ya miezi ile hajui vumbi. Linapita chini ya mlango, linapita kwenye tundu la kufuli. Makopo mekundu yalikuwa ya kijivu. Na shule zinafunguliwa, watu wametoka mlimani wamechoka mifuko, wananunua sukari robo, mafuta ya kupima kidogo, daftari moja, dawa ya viatu. Robo robo hizo ndizo zinazomlisha mwenye duka Januari, na yeye hakuwa nazo. Alikuwa na juisi. Akiuza boksi moja moja kwa watoto, anapata hela ya kuleta sukari kidogo, inaisha kabla ya jioni, anabaki tena na juisi.

Jioni moja nilikuwa nimekaa pale, Ludovick akaja akaegemea kaunta. Hakunificha.

"Yeyo, na wewe usikie uwe shahidi. Masika yakianza, mimi sina safari. Watalii hawaji kwenye matope. Miezi ile ni duka hili litulishe. Kama haliwezi, napangisha fremu. Kuna fundi simu anaitwa Hans, ananisumbua kila siku."

"Hili duka ni langu," akasema Mama Lucky.

"Ni lako. Sasa lituuzie kitu."

Akaondoka. Mama Lucky alichukua kitambaa akaanza kufuta kopo la biskuti, akalifuta mpaka nikamwambia basi, utatoboa.

Nilimwambia punguza bei. Akakataa. "Niuze chini ya nilivyonunua? Yeyo, hiyo ni kujikata mkono."

"Hazinunuliwi."

"Zitanunuliwa. Pasaka watu watanunua."

Nilitaka kubishana, lakini akanigeukia. "Na wewe lile maksai lako? Limezeeka, halilimi, linakula majani tu. Mbona hulipeleki mnadani Kisongo?"

"Maksai wangu ni jambo lingine," nikasema, nikanyanyuka nikaenda nyumbani. Ni jambo lingine kweli. Mtu asilinganishe.

Februari ndipo alipovuka barabara. Alijifanya anakwenda kutafuta chenji. Kwa mwanamke kama yule, kuvuka kwenda kwa Mmachame, ni safari ndefu kuliko ya Rombo. Nikamfuata, maana nilitaka kuona.

Gari la muuzaji wa jumla lilikuwa limesimama kwa Nelson. Kijana wa mauzo anasema, Nelson anatikisa kichwa.

"Mangi, chukua katoni tano tu, ya sita nakupa bure."

"Nani mtaani hapa ameiulizia?"

"Ni mpya, bado hawajaijua."

"Basi niachie mbili, vipande viwili. Wakiuliza tena, nitakupigia."

"Vipande viwili, Mangi? Utani huo."

"Ndiyo hivyo, kaka."

Gari likaondoka kwa hasira. Macho ya Mama Lucky yalikuwa ndani ya duka. Nelson alikuwa ameleta unga mpya, na alipokuwa anaupanga alivuta ule wa zamani mbele, mpya akauweka nyuma. Na kwenye ndoo kubwa ya sukari, ya plastiki nyeupe unayoona sukari kwa nje, alikuwa amechora mstari kwa kalamu nene.

"Mstari huo wa nini?" akauliza Mama Lucky.

"Wa panya," akasema Nelson. "Panya akifika hapo anafunga breki."

"Wewe mtoto, nakuuliza kama dada yako."

"Dada yangu wa Rombo? Wa Rombo na Machame walianza lini udugu?" Lakini alicheka kwa wema, akampa chenji. Hakumwambia mstari ni wa nini. Na kwa nini amwambie? Yule naye anatafuta mkate wake.

Tuliporudi, Mama Lucky alisimama katikati ya duka lake muda mrefu. Mara akaenda kwenye ndoo yake ya sukari, ambayo ilikuwa tupu, akaitazama.

"Yeyo, mimi naenda Levolosi sukari ikishaisha."

"Ndiyo."

"Nikienda, asubuhi yote imekwisha. Siku nyingine namkosa mwenye gari la mizigo, inakuwa kesho yake. Siku hizo zote mteja anakuja hakuti. Anavuka. Akivuka kwa sukari, na kiberiti ananunua huko huko. Yule haendi ikiisha. Anaenda ikifika mstari. Ile ya chini ya mstari ndiyo anayouza wakati yuko njiani."

"Na akichelewa?"

"Ameweka ya akiba kidogo. Mstari wake uko juu kidogo. Niliuona."

Akasema hayo kwa sauti ya mtu anayeumwa. Mtu mwenye kiburi akijifunza kitu kwa jirani anamchukia jirani kwanza. Mimi naelewa.

Kesho yake alifanya jambo ambalo mimi sikuwahi kuliona. Alipitisha kidole kwenye kila kitu, rafu kwa rafu. Kidole kikitoka kisafi, kitu kinabaki. Kikitoka na vumbi, kinashuka chini sakafuni.

"Unafanya nini?"

"Vumbi halisemi uongo, Yeyo. Kisichoshikwa na mteja kinapata vumbi."

Nikamwambia, "Unga nao una vumbi, ni unga." Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Krismasi. Lakini kicheko hakikukaa. Vilivyoshuka vilijaa sakafu, na vilivyobaki juu havikujaza hata rafu mbili. Saa, vikombe, manukato, maharage ya kopo, juisi, biskuti. Alikaa chini katikati ya vitu hivyo, miguu ameinyoosha kama mfiwa.

"Mtaji wangu wote umelala hapa," akasema. "Nikisema sina hela ya sukari, kumbe nimeikalia."

Akaanza kusoma tarehe. Biskuti zilikuwa na muda mrefu bado. Juisi zilikuwa za kufa, muda wake unaisha kabla ya Pasaka. Hapo ndipo alipoelewa viti vya bure vilitoka wapi.

Alikwenda Levolosi na makopo ya biskuti yasiyofunguliwa, nami nikaenda naye, sikualikwa. Melkizedeki alikuwa nyuma ya meza yake.

"Mzigo ukitoka kwangu haurudi, Mama Lucky. Unajua hivyo."

"Sitaki hela. Nipe sukari. Thamani yoyote."

"Na juisi?"

"Juisi nimeona tarehe zake. Na wewe ulikuwa umeziona."

Yule mtu akajikuna shingo. Duka lilikuwa na wateja, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia lake la mchele, nimeshika fimbo yangu. Nikasema, kwa sauti yangu ya kuita ng'ombe, "Kumbe hapa ndipo wanapouza juisi za kufa?"

"Bibi, taratibu," akasema Melkizedeki. Akachukua biskuti, kwa bei ya chini ya alivyouza, akatoa sukari. Haikuwa gunia. Ilikuwa ni sukari ya kuanzia. Mama Lucky alipiga hesabu ya hasara kichwani, niliona midomo yake inacheza, lakini akachukua.

Saa na vikombe aliviuza mlangoni kwa bei ya kununulia, vingine chini yake. Kila kimoja kilipotoka alikitazama kinavyokwenda. Juisi alizipanga kwenye toroli, akazipeleka uwanja wa mpira na nje ya kanisa baada ya ibada, kwa bei ya kutupa. Watu walimcheka. "Mama Lucky umekuwa machinga!" Alijibu, "Kunywa, usiku utaniota." Hela iliyopatikana haikukaa hata siku moja mfukoni. Iliingia kwenye sukari, ikatoka, ikaingia kwenye mafuta, ikatoka, ikaingia kwenye sabuni. Aliacha kujaza. Alinunua kile kilichoulizwa, kidogo, akaenda tena. Kwenye ndoo ya sukari akachora mstari. Kwenye dumu la mafuta akachora. Sabuni alipima kwa macho, boksi la mwisho likifunguliwa tu, anaandika kwenye kiganja chake.

Lakini juisi hazikwisha zote. Siku ya tarehe ilipopita, zilibaki katoni kadhaa. Akaja mama mmoja mwenye mgahawa, akasema anazitaka zote, atamimina kwenye jagi, nani atajua.

Mama Lucky alikuwa anaihitaji hela ile. Niliona mkono wake umeshika katoni.

"Hapana," akasema.

"Utamwaga hela?"

"Watoto wa mtaa huu wananiita mama. Hapana."

Akaja kwangu akaniomba nafasi migombani. Tulikata boksi moja moja kwa kisu tukamwaga chini ya migomba. Harufu tamu ikajaa boma lote, wakaja nyuki, wakaja sisimizi, mpaka ng'ombe walikuwa wanavuta pua. Mama Lucky alilia akiwa anakata. Sikumwambia nyamaza. Mtu akizika mali yake ana haki ya kulia.

Siku mbili hivi baada ya hapo, mawingu yakakaa juu ya Mlima Meru na hayakuondoka. Ludovick, aliyekuwa porini na watalii wiki zote hizo, akarudi kutoka safari ya mwisho, na hakuja peke yake. Alikuja na yule Hans fundi simu, ameshika futi ya kupimia.

Ludovick akasimama mlangoni. Duka aliloliacha limejaa lilikuwa wazi. Rafu upande mmoja zote tupu, ukuta unaonekana.

"Basi," akasema kwa upole wake ule. "Limekufa. Ningejua nisingengoja."

"Halijafa," akasema mkewe.

"Mama Lucky, naona ukuta."

"Tazama ukuta vizuri, ukimaliza unipishe, kuna mteja."

Kweli alikuwepo mtoto. Sukari robo. Ikapimwa. Hans akaanza kuvuta futi yake kutoka kona, akasimama kumpisha mwanamke wa mafuta ya kupima. Akavuta tena, akaja mzee wa kiberiti na majani ya chai. Akaja fundi ujenzi anataka sabuni, akakatiwa kipande. Unga. Chumvi. Hans akawa anakunja futi na kuikunjua kama mtu anayefukuza inzi.

"Mama," akasema mwishoni, "hivi hapa kuna foleni kila siku?"

"Saa hizi ni nafuu," nikasema mimi. "Njoo jioni."

Ludovick alikuwa ameegemea mlango. Alikuwa anahesabu, si hela, anahesabu ni nani aliyeondoka bila kitu. Hakuna aliyevuka barabara. Akaenda kwenye ndoo ya sukari, akaweka kidole kwenye mstari, akamtazama mkewe, naye akamweleza. Alimweleza na habari ya Melkizedeki, na ya migomba yangu. Hakuficha hasara. Ludovick alikaa juu ya kiti kimoja cha plastiki, vile vya bure.

"Kwa hiyo vitu vyote vinavyouzika viko upande huu," akasema.

"Upande huu."

"Na upande ule ni ukuta."

Mama Lucky alielewa kabla hajamaliza. Niliona uso wake. "Baba Lucky, usikate duka langu."

"Mtaji umeliwa, mke wangu. Biskuti umepata nusu, juisi umemwaga. Mvua hii hapa. Hans achukue upande ule, kodi yake iingie kwenye unga na mafuta. Upande huu ni wako, sitauliza tena. Au nimpe yote."

Mama Lucky akaenda akaushika ule ukuta mtupu, kisha akasema, "Ubao wa katikati uwe mzuri. Sitaki watu waone tumekata kama nyama."

Wakaweka ubao katikati. Hans akapiga rangi ya bluu upande wake, na redio yake hainyamazi. Siku ile ubao unapigiliwa misumari, Mama Lucky hakutoka nje. Nelson alivuka barabara, mara ya kwanza, akasimama mbele ya lile duka jembamba.

"Pole, dada," akasema.

"Pole ya nini? Nenda kauze. Sukari yako imefika mstari, naiona hata hapa."

Nelson akaondoka anacheka, lakini alipofika kwake alitazama ndoo.

Masika yakaja mabaya mwaka ule. Barabara ikawa mto wa matope, Ludovick alikaa nyumbani anatengeneza gari lisilo na safari, na watoto walikula kutoka kwenye lile duka nusu. Walikula. Si sana, nyama ilipungua, Mama Lucky alikonda shingo. Sijui kama mwaka huu litarudi kuwa zima. Kila nikiingia namwona anatazama ule ubao, halafu anatazama pembeni.

Asubuhi moja mvua imenyesha tangu usiku. Nilivaa mabuti yangu, nikapita kwenye matope na kikapu. Nilijua siku kama ile sukari itakuwa imeisha, na nilikuwa nimeandaa maneno yangu njiani. Nikamkuta Mama Lucky anavaa mabuti na yeye, amejifunga nailoni kichwani, pikipiki inamngoja nje.

"Unakwenda wapi kwenye mvua hii?"

"Levolosi. Sukari imefika mstari."

Nikachungulia ndoo. Ilikuwepo, ya kutosha. "Si bado ipo hii?"

"Ndiyo maana naenda, Yeyo." Akanipa upawa wa kupimia. "Kaa hapo unisaidie. Ya chini ya mstari uza yote, usiogope. Na usimpe mtu kwa macho, pima."

"Mimi unanifundisha kupima?"

Ameshapanda pikipiki. Ikateleza pale kwenye kona, ikanyooka, ikapotea kwenye mvua. Nilikaa kwenye lile duka jembamba, redio ya Hans inaimba nyuma ya ubao, nikamtazama mteja wa kwanza akiruka madimbwi kuja. Moyo wangu ulikuwa kule barabarani kwenye utelezi. Nikachota sukari, nikapima, nikasawazisha kwa kidole.

Alirudi mchana, ameloa mpaka mifupa, gunia limefungwa kwa nailoni kuliko yeye mwenyewe. Kwenye ndoo ilikuwa imebaki sukari ya kufunika chini tu. Nilikuwa nimejitengea robo yangu, nimeshalipa.

"Haijaisha," akasema, akitazama ndani.

"Ingeisha ungenisikia," nikasema.

Akamimina ile ya zamani kwenye beseni kwanza, akajaza mpya, kisha akairudisha ya zamani juu ili ianze kutoka. Nje, ng'ambo ya zizi langu, maksai wangu mzee alikuwa amesimama kwenye mvua anakula majani. Mama Lucky alimwona, akanitazama.

"Usiseme kitu," nikamwambia.